Uzi: Istilahi za ripoti ya sheria ya Ohm, Kiswahili na Kiingereza. Naomba mnisomee aya hii kabla sijaikabidhi

KidatoChaTatu_B

Habari za humu wakuu. Tumefanya jaribio la sheria ya Ohm na ripoti inatakiwa kwa lugha mbili. Mwili wa ripoti ni Kiingereza, halafu kuna ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kumweleza jaribio na matokeo mtu ambaye hajasoma fizikia kwa Kiingereza. Mwalimu ametuambia atasahihisha istilahi kwa ukali uleule kwenye lugha zote mbili, na neno likibadilika njiani bila sababu anakata alama.

Vifaa: seli kavu mbili, swichi, riostati, ammita na kipande cha waya wa nikromu, vyote vimeungwa kwa mfuatano. Voltimita imeungwa sambamba na ule waya. Vipimo tulivyopata ni hivi:

I = 0.10 A, V = 0.51 V
I = 0.20 A, V = 0.99 V
I = 0.30 A, V = 1.52 V
I = 0.40 A, V = 1.98 V
I = 0.50 A, V = 2.50 V

Nilipima na betri pia. Kabla ya mkondo kupita ilisoma 3.00 V, na mkondo ulipokuwa 0.50 A ikasoma 2.75 V.

Aya ya Kiswahili niliyoandika:

"Lengo la jaribio ni kuthibitisha kanuni ya Ohm, V = IR. Umeme wa betri ulikuwa volti 3.00. Tulifunga swichi, volteji ikapita kwenye waya na ammita ikaonesha karenti. Kila umeme ulipoongezeka, kinzani ilibaki ileile kwa sababu joto halikubadilika. Grafu ilikuwa mstari mnyoofu, kwa hiyo kanuni imethibitishwa."

Ya Kiingereza nimeiandika kwa mpangilio huohuo, sentensi kwa sentensi. Naomba mniambie ni maneno gani hayajakaa sawa.

---

FundiRedio

Dogo, mimi ni fundi, miaka yote nashika mita. Ushauri wangu ni mwepesi: andika volteji kila mahali. Neno hilo linaeleweka na Mswahili na Mwingereza, halina haja ya kamusi. Hayo ya "tofauti ya potenshali" yanamchosha msomaji bure. Karenti andika mkondo, rezistansi andika ukinzani, umemaliza. Sheria yenyewe ni V = IR, haina mengi.

Ila sehemu moja nakupinga kabisa: "tulifunga swichi". Huo ukurasa wa Kiswahili unasomwa na mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida ukimwambia funga bomba, maji yanakatika. Ukimwambia funga redio, inanyamaza. Sasa wewe unamwambia umefunga swichi na mkondo ukapita. Atajua umezima. Andika "tuliwasha" na "tulizima".

---

Kalamu Nyekundu

Fundi, hilo la swichi ni zuri na wengi hawalioni. Kwenye vitabu "kufunga sakiti" ni kuikamilisha ili mkondo uzunguke, lakini msomaji wa mtaani analisikia kinyume chake. Kama mwandishi anataka kubaki na lugha ya kitabu, aseme "tuliikamilisha sakiti kwa swichi". Kuwasha na kuzima kunatosha.

La volteji kila mahali silikubali. Mimi nafundisha na kusahihisha ripoti za namna hii, na alama nyingi hupotea hapohapo. Kwenye jaribio la mwanafunzi huyu kuna volteji tatu. Kuna 3.00 V ya betri kabla ya mkondo kupita, kuna 2.75 V ya betri mkondo ukiwa unapita, na kuna 2.50 V kati ya ncha mbili za waya. Ukiziita zote volteji bila kusema ni kati ya wapi na wapi, msomaji atachukua ipi aigawanye kwa 0.50?

Akichukua ya kwanza anapata omu 6.0. Akichukua ya pili anapata 5.5. Ya tatu ndiyo inampa 5.0, ambayo ndiyo ya waya. Neno moja legelege limeleta majibu matatu, na mita haikukosea hata mara moja.

---

FundiRedio

Hapo nimekuelewa mwalimu. Lakini tatizo si neno volteji, tatizo ni kutosema sehemu. Nikiandika "volteji kati ya ncha za waya" nina kosa gani?

---

Kalamu Nyekundu

Huna kosa. Kwenye ukurasa wa Kiswahili ningekubali "volteji kati ya ncha mbili za waya" bila kukata alama. Kwenye mwili wa Kiingereza ningetaka lile jina refu lenye maana ya tofauti ya potenshali, kwa sababu mtihani ndivyo unavyoliita na kwa sababu neno "tofauti" linamlazimisha mwandishi ataje vituo viwili. Tofauti lazima iwe kati ya kitu na kitu.

Na ndiyo maana "volteji ikapita kwenye waya" ni sentensi mbovu kwa lugha yoyote. Volteji haipiti. Kinachopita ni mkondo. Volteji iko kati ya ncha na ncha, mkondo uko ndani ya waya. Kiingereza kinatenganisha haya kwa vihusishi viwili: karenti huchukua kihusishi cha kupita ndani ya kitu, tofauti ya potenshali huchukua cha kutoka ncha hii hadi ile. Mwanafunzi akivibadilishana, msahihishaji anajua papo hapo kwamba huenda na voltimita iliungwa kwa mfuatano.

---

Mzee wa Maabara

Nimewasoma, mnakwenda vizuri. Niongeze kidogo kuhusu hiyo 3.00 V, maana hapo ndipo jaribio lenyewe lilipozaliwa.

Ohm alipoanza kupima mwaka 1825 alitumia betri za kemikali za wakati ule, na nguvu yake ilikuwa inapanda na kushuka kadiri mkondo unavyopita. Vipimo vikamsumbua. Mwaka 1826, kwa ushauri wa Poggendorff, akahamia kwenye jozi ya metali mbili, bismuthi na shaba, ungio moja likiwa kwenye maji yanayochemka na lingine kwenye barafu. Chanzo hicho kilitulia. Matokeo yake aliyaweka kwa fomula hii:

X = a/(b + x)

X ni nguvu ya mkondo aliyoisoma kwa sindano ya sumaku, x ni urefu wa waya anaoupima, a inategemea chanzo, na b ni sehemu yote iliyobaki ya sakiti. Angalieni kwamba tangu mwanzo chanzo kina herufi yake na waya unaopimwa una herufi yake. Kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata, 1827.

Sasa mrudishe kwenye vipimo vya kijana. Chanzo ni 3.00 V. Mkondo wa 0.50 A ulipopita, betri ikabaki na 2.75 V kwenye vichwa vyake. Robo volti imetumika ndani ya betri yenyewe, maana yake betri ina ukinzani wa ndani wa omu 0.5. Kutoka 2.75 hadi 2.50 imepotea robo nyingine kwenye ammita na maungio, na hapo pia ni omu 0.5. Jumla omu 6.0, na 3.00 ukigawa kwa 6.0 unarudi kwenye 0.50 A. Hesabu imefunga, ila nimechukulia kwamba kwenye kipimo kile cha mwisho riostati ilikuwa imesogezwa hadi mwisho na haikuchangia kitu. Kijana, ni kweli?

---

KidatoChaTatu_B

Shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, kwenye 0.50 A riostati ilikuwa imefika mwisho. Sikuwa nimeiandika kwenye ripoti.

Sasa ile 3.00 V niiite nini kwa Kiswahili? Kwa Kiingereza najua ni e.m.f. Kwenye Kiswahili nimeona watu wanaandika kwa namna mbalimbali na nyingi zina neno kani.

---

Mzee wa Maabara

Marahaba. Liandike hilo kwenye ripoti kwanza.

Kuhusu jina, hata la Kiingereza lina kasoro ya zamani, maana ndani yake mna neno la kani wakati kinachopimwa si kani. Kani inapimwa kwa nyutoni, hii inapimwa kwa volti. Tukilitafsiri neno kwa neno tunahamisha na kasoro. Mimi kwenye ukurasa wa Kiswahili ningeeleza tu: "volteji ya betri kabla mkondo haujapita, E". Ni ndefu, lakini mtu akiisoma anaweza kuipima mwenyewe. Kwenye Kiingereza tumia jina la mtihani na herufi E ileile.

---

Kalamu Nyekundu

Mzee, hapo tunatofautiana kidogo. Mwanafunzi anatakiwa aoneshe kwamba anajua istilahi, si maelezo. Ningependa atumie "kani ya kuendesha umeme" mara moja, halafu aeleze. Maelezo matupu yakirudiwa mara tano yanachosha.

---

Mzee wa Maabara

Ndiyo maana kuna herufi. Baada ya mara ya kwanza anaandika E. Lakini sitakupinga sana, mradi asiiite umeme. "Umeme wa betri ulikuwa volti 3.00" ndiyo sentensi inayoniumiza zaidi kwenye aya ile, na mstari wa chini yake umeme umegeuka kuwa kitu kinachoongezeka, ambacho sijui ni mkondo au ni volteji. Umeme ni jina la somo zima. Kwenye ripoti ya vipimo halina kipimio.

---

BintiFizikia

Jamani mimi nina swali linalofanana na hili. Sisi tulipewa balbu ndogo ya tochi badala ya waya. Nikapata hivi: 0.5 V kwa 0.14 A, 1.0 V kwa 0.19 A, 1.5 V kwa 0.23 A, 2.0 V kwa 0.27 A, 2.5 V kwa 0.30 A. Grafu imepinda. Nikaandika "balbu haifuati V = IR, kwa hiyo jaribio limeshindwa". Nimerudishiwa. Je nilitakiwa nitumie neno gani badala ya "limeshindwa"?

---

FundiRedio

Dada, inawezekana betri yako imechoka. Jaribu seli mpya, mstari utanyooka.

---

Mzee wa Maabara

Hapana fundi. Betri ikichoka, volteji inashuka na mkondo unashuka pamoja nayo. Voltimita iko kwenye balbu, kwa hiyo inasoma kile balbu inachopata hasa. Kupinda kule ni kwa balbu yenyewe.

Binti, neno "limeshindwa" ni dogo. Shida kubwa iko kwenye maneno "haifuati V = IR". Gawanya vipimo vyako mwenyewe. 0.5 kwa 0.14 ni omu 3.6. 1.0 kwa 0.19 ni 5.3. 1.5 kwa 0.23 ni 6.5. 2.0 kwa 0.27 ni 7.4. 2.5 kwa 0.30 ni 8.3. Kila mara umepata R kwa kugawanya V kwa I, na kila mara ukizidisha I kwa R hiyo unarudi kwenye V. Kwa hiyo V = IR haijavunjwa hata sehemu moja. Haiwezi kuvunjwa, kwa sababu ndivyo tunavyopata ukinzani wa kitu chochote kile.

Sheria ya Ohm inasema jambo lingine: kwamba kwa kipitishi cha metali ambacho halijoto yake haibadiliki, mkondo unakwenda sawia na tofauti ya potenshali. Maana yake hizo R zingetoka sawa zote. Zako zimepanda kutoka 3.6 hadi 8.3 kwa sababu waya wa ndani ya balbu umepata moto sana, na ukinzani wa metali hupanda halijoto inapopanda. Balbu ina ukinzani kila mara. Ila ukinzani wake haukai mahali pamoja.

---

Kalamu Nyekundu

Na hapo ndipo neno "kanuni" linapotuletea tabu. Kwa Kiswahili kanuni hubeba fomula, na hubeba sheria ya maumbile. KidatoChaTatu_B ameandika "kanuni ya Ohm, V = IR", msomaji anaelewa kwamba fomula ndiyo sheria. Kiingereza kina maneno mawili tofauti kabisa kwa mambo haya, na bado wanafunzi huyachanganya. Mimi huwaambia watumie "sheria ya Ohm" kwa ile kauli ya usawia, na "fomula" kwa V = IR. Neno kanuni waliache nje ya ripoti hii.

---

Msomaji Mtulivu

Samahani naingilia. Mwalimu Kalamu, sisi tulisoma "kanuni ya Ohm" na vitabu vingi vya Kiswahili ndivyo vinavyoandika. Unamwambia mtoto aandike kinyume cha kitabu chake?

---

Kalamu Nyekundu

Kama kitabu cha darasani kwake kinaandika kanuni, aandike kanuni ya Ohm, na hapo asitumie kanuni kwa maana ya fomula tena. Siwezi kusema kitabu kimekosea. Ninachotaka ni neno moja lisifanye kazi mbili kwenye ukurasa mmoja.

---

BintiFizikia

Asante mzee, asante mwalimu. Sasa niandike "balbu haifuati sheria ya Ohm katika masafa haya ya mkondo"? Na kuhusu mteremko, nilichora V kwenye mhimili wa wima na I kwenye wa mlalo. Mteremko wa mwisho wa grafu si ndio ukinzani wa balbu?

---

Mzee wa Maabara

Sentensi yako ni nzuri. Ongeza tu "kwa sababu halijoto ya waya wake haikubaki palepale", ili isionekane kwamba sheria imekutwa na kosa.

Mteremko sasa. Kutoka 2.0 V hadi 2.5 V umepanda 0.5 V, na mkondo umeongezeka 0.03 A tu. Mteremko wa kipande hicho ni karibu omu 17. Lakini ukinzani wa balbu pale 2.5 V ni 8.3. Si kitu kimoja. Mteremko unakuwa ukinzani pale tu mstari unapokuwa mnyoofu na unapopita kwenye sifuri, kama kwa yule wa waya. Kwa mstari uliopinda, ukinzani wa nukta fulani unaupata kwa kugawanya V ya nukta hiyo kwa I ya nukta hiyo. Sentensi "mteremko wa grafu ndio ukinzani" naiona kwenye ripoti nyingi, kweli kwa waya na si kweli kwa balbu.

---

KidatoChaTatu_B

Mzee umesema "mnyoofu na unapopita kwenye sifuri". Mimi nimeandika mnyoofu tu. Kuna tofauti kubwa?

---

Mzee wa Maabara

Ipo, na inaonekana kwenye namba. Chukulia voltimita yako ingekuwa inasoma 0.10 V zaidi hata kabla haijaungwa. Vipimo vingekuwa 0.61, 1.09, 1.62, 2.08 na 2.60. Grafu ingebaki mstari mnyoofu na mteremko ungebaki uleule, karibu omu 5.0. Lakini gawanya: 0.61 kwa 0.10 ni 6.1, na 2.60 kwa 0.50 ni 5.2. V na I hazingekuwa sawia tena, ijapokuwa mstari haujapinda hata kidogo.

Kwa hiyo "mstari mnyoofu" ni kauli dhaifu kuliko "sawia". Sawia maana yake ukizidisha mkondo mara mbili, volteji nayo inazidi mara mbili. Vipimo vyako halisi vinatimiza hilo: 0.99 kwa 0.20 A, 1.98 kwa 0.40 A. Andika "mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri, kwa hiyo V inakwenda sawia na I". Na kwa Kiingereza usitumie neno lenye maana ya "huongezeka pamoja". Vitu vingi huongezeka pamoja bila kuwa sawia. Balbu ya Binti nayo V na I zimeongezeka pamoja.

---

FundiRedio

Mimi bado na joto. Dogo ameandika joto halikubadilika, nyinyi mnaandika halijoto. Si kitu kimoja hicho? Mtaani tunasema leo joto kali.

---

Kalamu Nyekundu

Mtaani ni kitu kimoja, fundi, na huko hakuna ubaya. Kwenye ripoti hii yanatengana kwa nguvu. Pale 0.50 A na 2.50 V, waya ule unatoa joto kwa kasi ya wati 1.25. Joto linatoka muda wote mkondo unapita, haliwezi kukosekana. Akiandika "hakukuwa na joto" au "joto halikubadilika" anasema uongo bila kukusudia, kwa sababu kwenye 0.10 A lilikuwa wati 0.05 tu na mwisho likawa mara 25 zaidi. Kinachotakiwa kisibadilike ni halijoto ya waya, ile inayosomwa kwa kipimajoto. Joto linatolewa, halijoto inapanda au haipandi kutegemea waya unalipoteza kwa kasi gani. Kiingereza nacho kina maneno mawili, hiti na temprecha, na wanafunzi wanaoandika la kwanza mahali pa la pili hukatwa alama vilevile.

---

Msomaji Mtulivu

Halijoto au jotoridi? Nimeyaona yote mawili.

---

Kalamu Nyekundu

Yote yapo. Mimi natumia halijoto, mwenzangu wa chumba cha pili anatumia jotoridi, na wanafunzi wetu wanaelewana. Kwa ripoti moja chagua moja.

---

Msomaji Mtulivu

Mimi ningechagua jotoridi, maana halijoto ikisikika haraka inafanana na "hali ya joto", na tunarudi kwa fundi na leo joto kali.

---

Mzee wa Maabara

Hilo halitaisha leo. Niseme la muhimu zaidi kwa kijana: je, uliipima halijoto ya waya?

---

KidatoChaTatu_B

Hapana mzee. Hatukuwa na namna ya kuipima. Tulikuwa tunawasha, tunasoma mita zote mbili, tunazima, tunasubiri kidogo kabla ya kipimo kingine.

---

Mzee wa Maabara

Basi usiandike "halijoto haikubadilika". Andika ulichofanya: "tuliwasha kwa muda mfupi tu kila kipimo ili waya usipate moto". Halafu matokeo yasaidie: R zako ni 5.1, 4.95, 5.07, 4.95 na 5.0, hazina mwelekeo wa kupanda. Kama waya ungekuwa unapata moto wa kuathiri vipimo, R ingekuwa inapanda kidogokidogo kuelekea 0.50 A, kama ya balbu. Na nikromu ina bahati yake, ukinzani wake hubadilika kidogo sana halijoto ikipanda, ndiyo maana hutumika kwenye majaribio haya. Kwa hiyo kauli yako ya haki ni kwamba vipimo havikuonesha dalili ya badiliko.

Kwa sababu hiyohiyo neno "kuthibitisha" ningelilegeza. Nukta tano kwenye waya mmoja hazithibitishi sheria. Zinaonesha kwamba waya huu, hadi 0.50 A, uliifuata. "Kuchunguza kama waya wa nikromu unafuata sheria ya Ohm" inatosha na ni kweli.

---

Kalamu Nyekundu

Nibakishe moja: "kinzani ilibaki ileile". Kuna kifaa na kuna sifa ya kifaa. Sifa ni ukinzani, ndiyo yenye R na omu. Kifaa wengine huita kinzani, wengine kikinza, mafundi wanasema rezista. Ukiandika kinzani ilibaki ileile, msomaji anaweza kuelewa kwamba hukubadilisha kifaa. Wewe ulitaka kusema ukinzani haukubadilika. Kiingereza kina tofauti hiyohiyo ya mwisho wa neno, rezista na rezistansi, angalia usiziandike kwa kubahatisha.

Kabla ya kuandika upya, usitafsiri aya moja kutoka lugha moja kwenda nyingine. Tengeneza jedwali la herufi: I, V, E, R. Mbele ya kila herufi weka jina lake la Kiswahili, jina la Kiingereza, kipimio, na mahali ilipopimwa kwenye sakiti. Halafu andika kila lugha kutoka kwenye jedwali. Safu ya "mahali ilipopimwa" ndiyo wengi huiacha, na ndiyo ingekuzuia kuandika umeme wa betri.

---

KidatoChaTatu_B

Nimeandika upya. Naomba msome:

"Tulichunguza kama waya wa nikromu unafuata sheria ya Ohm, yaani kama mkondo unaopita ndani ya waya, I, unakwenda sawia na volteji kati ya ncha zake mbili, V, halijoto ya waya isipobadilika. Volteji ya betri kabla mkondo haujapita, E, ilikuwa 3.00 V. Kwa kila kipimo tuliwasha swichi kwa muda mfupi ili waya usipate moto, tukasoma I kwenye ammita na V kwenye voltimita, kisha tukazima. Mkondo tuliubadilisha kwa riostati kutoka 0.10 A hadi 0.50 A. Grafu yenye V kwenye mhimili wa wima na I kwenye wa mlalo ilikuwa mstari mnyoofu unaopita karibu na sifuri, na mteremko wake ulikuwa karibu omu 5.0. Huo ndio ukinzani wa waya, R. Thamani ya R haikuonesha kupanda mkondo ulipoongezeka, kwa hiyo katika masafa haya waya uliifuata sheria ya Ohm."

Ya Kiingereza nitaiandika kutoka kwenye jedwali, siyo kutoka hapa.

---

FundiRedio

Hii hata mimi ningempa mwanafunzi wangu wa ufundi aisome. Na nimefurahi umeacha volteji.

---

Mzee wa Maabara

"Karibu na sifuri" umeiandika kwa uaminifu, iache hivyo. Kwenye mwili wa Kiingereza taja pale mstari unapokata mhimili wa V. Kwa vipimo hivi utapata kiasi kidogo sana, kama sehemu moja ya mia ya volti, na hicho ni ndani ya uwezo wa mita yako.

---

BintiFizikia

Mzee, kwa balbu, naweza kutumia jedwali hilohilo la herufi? R yangu ina thamani tano.

---

Mzee wa Maabara

Tumia, ila kila R iambatane na V yake. Andika "ukinzani wa balbu pale 2.5 V". Usiandike "ukinzani wa balbu" peke yake, maana hauna thamani moja.

---

Kalamu Nyekundu

KidatoChaTatu_B, ile 2.75 V imebaki bila makao. Iweke kwenye jedwali na uandike pembeni kwamba ilipimwa kwenye vichwa vya betri, swichi ikiwa imewashwa, mkondo ukiwa 0.50 A na riostati imesogezwa hadi mwisho. Bila hayo mtu ataisoma kama kosa la kipimo cha 3.00 V.